Kueleza Herufi za Nembo kwa Maneno: Umbo, Unene, Nafasi na Monogramu

Nembo ya maandishi ni jina la biashara lenyewe lililopewa umbo la kudumu. Haina picha ya mnyama wala ua pembeni. Herufi ndizo zinazobeba kazi yote. Coca-Cola ni mfano ambao hauhitaji kuelezwa: Frank Robinson, mtunza hesabu wa kampuni hiyo, aliandika jina hilo mwaka 1886 kwa mwandiko wa mtiririko uliokuwa wa kawaida katika ofisi za Marekani wakati huo, na umbo lake bado linatambulika hata pale jina linapoandikwa kwa alfabeti nyingine.

Katika miji ya Meru na Embu, kazi ya kuchora herufi za duka kwa miaka mingi imekuwa ya fundi wa mabango, mwenye brashi bapa na kamba ya kupigia mstari. Siku hizi mwenye duka au kikundi cha wakulima anaweza kuandika maagizo katika programu ya akili unde kama ChatGPT, Gemini au Ideogram, na baada ya muda mfupi akapata michoro kadhaa. Tofauti kubwa kati ya fundi na programu ni kwamba fundi huuliza. Akiambiwa herufi ziwe nzuri, atataka kujua kama ni nene au nyembamba, za mviringo au za pembe. Programu kwa kawaida haiulizi. Kila jambo lililoachwa bila kutajwa hulijaza yenyewe, kwa kufuata yale yanayojirudia zaidi katika picha ilizojifunzia.

Ndiyo maana maneno kama “ya kisasa”, “ya kuvutia” na “ya kitaalamu” huleta matokeo yanayofanana, awe anayeuliza ni kinyozi wa Makutano au mwenye kiwanda cha makadamia. Maneno hayo hutaja hisia ya mtazamaji, hayataji kitu kinachoonekana. Programu hizi zimefunzwa kwa picha zilizoambatana na maelezo, kwa hiyo zinashika vizuri zaidi maneno yanayotaja kinachoonekana: mguu wa herufi umesimama au umetanuka, ncha ni kali au imekatwa, mstari ni mnene kiasi gani. Maagizo mazuri ya nembo huandikwa kwa lugha hiyo ya mistari.

Mfano wa kubuni utasaidia kuliona jambo hili kwa karibu. Tuseme kikundi cha wafugaji wa nyuki katika nyanda kavu za Mbeere, upande wa chini wa Kaunti ya Embu, kinataka nembo ya maneno ASALI MBEERE. Nembo itakaa kwenye lebo ya chupa ya gramu 500, na herufi za mwanzo, A na M, zitafanyiwa monogramu ya kugongwa kwa mhuri kwenye katoni.

Jambo la kwanza ni tahajia. Programu za picha huchora herufi kama maumbo, na kosa lake la kawaida ni kumeza herufi inayojirudia. MBEERE ina E mbili zilizofuatana na nyingine mwishoni, kwa hiyo hatari ya kupata MBERE ni kubwa. Hatari hiyo inaongezeka kwa sababu Mbere ni tahajia inayoonekana mara nyingi katika maandishi ya Kenya, na mtu anayepitia michoro haraka anaweza asiishtukie. Dawa ni kuweka jina ndani ya alama za kunukuu, kisha kulitaja herufi moja moja na kusema idadi yake. Mchoro ukirudi, usomwe kutoka kulia kwenda kushoto. Ukisomwa kwa mwelekeo wa kawaida, jicho hukamilisha neno linalolijua na kupita juu ya kosa.

Majina yenye ĩ na ũ yanataka uangalifu zaidi. Herufi hizi hutumika katika uandishi wa Kiembu na wa lugha jirani za Mlima Kenya, na programu huzikosea kwa namna tatu: huondoa wimbi lililo juu, huligeuza kuwa kofia au nukta mbili, au huliweka juu ya nukta ya i ndogo ilhali wimbi linapaswa kuchukua nafasi ya nukta hiyo. Anayetaka jina kama Kĩrĩnyaga kwenye pakiti ya kahawa aandike herufi hizo zenyewe na pia aeleze umbo lake kwa maneno, kwamba juu ya kila i kuna mstari mfupi wa wimbi na hakuna nukta. Aseme vilevile kwamba wimbi lina unene sawa na mistari mingine ya neno, kwa sababu programu hupenda kulichora kwa uzi mwembamba unaopotea kwenye uchapishaji. Jina likiwa la herufi kubwa, nafasi ya wimbi iachwe juu ya mstari tangu mwanzo, la sivyo litagusa ukingo wa lebo au maneno yaliyo juu yake.

Baada ya tahajia huja umbo la herufi, na hapa watu wengi huanza na jina la fonti wanayoipenda. Ni afadhali kuanza na herufi za mwanzo za jina, kwa kuwa monogramu ndiyo itakayoamua ni umbo lipi linafaa. A ni miguu miwili iliyoinama ikakutana juu, na daraja katikati. M huchorwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ina nguzo mbili zilizosimama wima na bonde katikati, kama ilivyo katika Helvetica, fonti ya Uswisi ya mwaka 1957. Ya pili ina miguu iliyotanuka kwenda nje na vilele vikali, kama katika Futura ya Paul Renner, iliyotoka Ujerumani mwaka 1927. M ya namna ya pili, miguu yake ikiinama vya kutosha, huwa kama vilele viwili vilivyopangwa bega kwa bega, na kila kilele ni A isiyo na daraja. Kwa kikundi chenye herufi A na M, uchaguzi umekwisha kufanyika: neno zima liandikwe kwa herufi za ukoo wa Futura, ili M ya jina na M ya monogramu ziwe na damu moja.

Ukoo huo huitwa `geometric sans-serif` katika maagizo. Programu nyingi huelewa sentensi za Kiswahili, lakini majina ya aina za herufi ni salama zaidi yakiandikwa kwa Kiingereza kama yalivyo, kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa katika maelezo ya picha zilizofunzia programu. `Serif` ni herufi zenye vijimstari vya kufunga ncha, kama za magazeti ya zamani. `slab serif` ni zile ambazo vijimstari hivyo ni vinene na vya mraba, zinazofaa magunia na makreti. `high contrast` ni herufi ambazo mstari mmoja ni mnene na mwingine mwembamba kama unywele. Kutaja Futura kwa jina kunasaidia, ila programu haifungui faili la fonti hiyo. Inachora kitu kinachofanana nayo. Kwa hiyo jina la fonti lifuatwe na maelezo ya herufi mbili au tatu zinazoleta tofauti. Katika ASALI MBEERE, herufi hizo ni A, M na E. E inajitokeza mara tatu, na upana wake utaamua urefu wa neno zima. Katika Futura, herufi E, B, L na S ni nyembamba kwa upana, takriban nusu ya kimo chake, ilhali M ni pana. Mpishano huo wa pana na nyembamba ndio unaolipa neno mwendo wake. Usipotajwa, programu huchora kila herufi kwa upana mmoja na MBEERE ikawa safu ya visanduku.

Unene ndio sifa inayoharibika upesi zaidi kwenye karatasi, na huelezwa vizuri ukilinganishwa na kimo cha herufi. Katika herufi kubwa za unene wa kawaida, nguzo huwa karibu sehemu ya nane ya kimo. Katika herufi nzito, sehemu ya sita au ya tano. Wabunifu wa fonti hutumia pia ngazi za namba kutoka 100 hadi 900, ambapo 400 ni ya kawaida na 700 ni nzito. Programu za picha hazipimi kwa namba hizo. Huitikia vizuri zaidi neno kama `bold` au `light` likifuatwa na maelezo ya kinachoonekana.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha unene unaofaa. Herufi E kwenye lebo ya asali ikiwa na kimo cha milimita 8, na unene wa sehemu ya sita, kila mkono wake utakuwa kama milimita 1.3. Mikono mitatu huchukua karibu milimita 4, na zinabaki milimita 4 zinazogawanywa katika matundu mawili ya milimita 2. Hilo linasomeka vizuri. Herufi hiyohiyo ikishushwa hadi milimita 3, tundu linabaki na robo tatu ya milimita, na mhuri wa mpira kwenye katoni, jina likiwekwa pia humo, hulijaza wino baada ya kugongwa mara chache. Kwa upande mwingine, herufi nyembamba ya unene wa sehemu ya ishirini, inayopendeza sana kwenye skrini, itakuwa na mstari chini ya nusu milimita kwenye lebo na chini ya nusu ya huo kwenye mhuri; kwenye karatasi ya kahawia isiyolainishwa haitaonekana. Kwa hiyo nembo hii inataka `bold`, wala si `black`, ambayo ingeziba E tatu kwa pamoja. Maagizo yaongeze kwamba unene ni sawa kila mahali. Kwa kweli fundi mzuri huchora mikono ya kulala myembamba kidogo kuliko nguzo ili jicho lizione sawa, lakini marekebisho hayo madogo hufanywa baadaye kwa mkono.

Maagizo ya kwanza yanaweza kuwa hivi:

```
Nembo ya maandishi pekee, nyeusi kwenye nyeupe, mistari miwili.
Mstari wa 1: "ASALI" (A-S-A-L-I, herufi tano)
Mstari wa 2: "MBEERE" (M-B-E-E-R-E, herufi sita, E mbili katikati)
geometric sans-serif, herufi kubwa zote, bold, unene sawa kila mahali.
A na M zina vilele vikali. Miguu ya M imetanuka kwenda nje.
E, B, L na S ni nyembamba kwa upana; M ni pana.
```

Maagizo haya hayataji asali kama kitu, wala nyuki, wala sega. Jina lenyewe tayari linavuta picha hizo, na kila neno la ziada humfanya mtu apate nyuki aliyekaa juu ya herufi. Ni bora pia kusema kinachotakiwa kuliko kukataza. Sentensi inayosema “bila nyuki” huingiza neno nyuki ndani ya maagizo, na baadhi ya programu humchora. “Nembo ya maandishi pekee” hutosha mara nyingi.

Nafasi kati ya herufi zina sura mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kuna nafasi ya jumla, yaani neno zima limebanwa au limeachanishwa, na kuna nafasi ya jozi moja moja. Ya jumla huelezwa kwa urahisi: `wide letter-spacing`, na kipimo kinachoonekana, kwa mfano kwamba pengo kati ya herufi mbili linalingana na unene wa nguzo mbili. Ya jozi ni ngumu zaidi, kwa sababu mapengo yanayolingana kwa rula hayalingani kwa jicho. Nguzo mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu huonekana zimebanana, na herufi yenye uwazi huonekana imeachana na jirani yake hata pengo likiwa lilelile.

Majina ya miji ya Meru na Embu yanaonyesha jambo hilo vizuri yakiandikwa kwa herufi kubwa zenye nguzo wima. Katika MERU, nguzo ya M inatazamana na nguzo ya E, na hapo ndipo panapotaka nafasi kubwa kuliko pengine pote. Katika EMBU, mikono ya E inatazama nguzo ya M, na uwazi ulio kati ya mikono hiyo tayari ni nafasi. E na M zisogezwe karibu kidogo, na M na B ziachanishwe. Mtu akiweka mapengo sawa katika yote mawili, MERU itaonekana imekwama mwanzoni na EMBU itaonekana imekatika baada ya E.

Katika ASALI, jozi yenye shida ni L na I. Juu ya mguu wa L pana uwazi mkubwa, na I ni nguzo tupu, hivyo I huonekana kama imetoroka. MBEERE ni tulivu zaidi, lakini neno hilo ni refu kuliko ASALI kwa zaidi ya herufi moja, maana I haina upana wa maana na M ina upana wa herufi mbili nyembamba. Mistari miwili ikitakiwa iwe na urefu sawa, programu huvuta herufi za ASALI hadi zinakuwa pana kuliko za chini yake, na unene wa nguzo haulingani tena. Maagizo yaseme wazi kwamba kimo na upana wa herufi ni uleule katika mistari yote miwili, na kwamba urefu unasawazishwa kwa nafasi kati ya herufi za ASALI pekee. Programu ikishindwa mara mbili tatu, lisilazimishwe suala la jozi kwa maneno. Litarekebishwa kwenye programu ya kuchora.

Monogramu iandikiwe maagizo yake peke yake, katika ombi tofauti. Ikiwekwa pamoja na jina, programu huchanganya kazi hizo mbili na kutoa herufi za ziada. Neno `monogram` bila maelezo huleta herufi mbili zilizopandana ndani ya duara. Kinachotakiwa hapa ni M moja ambayo kilele chake cha kushoto kimepewa daraja, kikawa A.

```
Monogramu, nyeusi kwenye nyeupe, umbo moja tu.
Herufi M yenye mistari minne iliyoinama kwa pembe sawa, vilele viwili vikali.
Bonde la katikati linafika chini kabisa, usawa wa miguu.
Daraja moja la mlalo linaunganisha miguu ya kilele cha kushoto tu,
theluthi moja ya kimo kutoka chini. Kilele cha kulia hakina daraja.
Unene sawa kila mahali.
```

Kila sentensi hapo inazuia kosa fulani. Bonde lisipofika chini, A inakosa mguu wa pili. Pembe zisipolingana, A inalala upande mmoja na kusomeka kama N iliyokatwa. Daraja likivuka vilele vyote viwili, zinapatikana A mbili. Likipandishwa hadi nusu ya kimo, pembetatu iliyo juu yake inakuwa ndogo na wino huijaza, kwa hiyo theluthi ni salama zaidi. Bado monogramu hii ni bora ichorwe nyembamba kuliko jina, pengine kwa sehemu ya nane ya kimo, kwa kuwa mistari minne na daraja zinakusanyika mahali padogo.

Umbo hilo lina faida ambayo haikuombwa: vilele viwili vinakumbusha Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188 juu ya Mlima Kenya. Ni busara kuacha mfanano huo ujisemee wenyewe. Neno “mlima” likiingia katika maagizo, theluji na jua linalochomoza vitafuata.

Si kila jozi ya herufi hukubali njia hii. Herufi zenye nguzo wima huunganishwa kwa kugawana nguzo: M na E za mwanzo wa Meru zinaweza kutumia nguzo moja, ile ya kulia ya M ikawa mgongo wa E. E na M za mwanzo wa Embu haziwezi, kwa sababu E imefunguka upande wa kulia, na nguzo ya M ikiletwa pale inaifunga ikawa kama 8 ya mraba. Kwa jozi kama hiyo, M iwekwe chini ya E au E ikae ndani ya bonde la M, na maagizo yataje ni ipi iko wapi na kubwa kuliko nyingine kwa kiasi gani.

Wakati wa kurekebisha, kitu kimoja kibadilishwe kwa kila ombi. Anayebadilisha unene, nafasi na umbo la E kwa pamoja hatajua ni lipi lililoharibu mchoro. Kisha picha ya monogramu ipunguzwe hadi upana wa sentimita 2 na kuchapishwa kwa printa ya kawaida, na mtu asiyejua jina aulizwe anasoma nini. Akisema “AM”, monogramu imepita. Akisema “M” tu, daraja linahitaji kunenepeshwa au kushushwa.

Picha inayotolewa na programu hizi kwa kawaida ni ya vitone, na ikikuzwa kwa ukubwa wa bango la barabarani kingo zake zinachanika. Kwa hiyo mchoro uliokubaliwa uchukuliwe kama kielelezo, na jina liandikwe upya kwa fonti halisi katika Inkscape, programu ya bure. `Jost`, ya Owen Earl, ni fonti huru iliyofuata herufi za Kijerumani za miaka ya 1920, na inafaa kwa nembo hii. Jina lenye ĩ au ũ lijaribiwe kwanza kuona kama fonti iliyochaguliwa inazo herufi hizo. Katika Inkscape, kishale kikiwa kati ya L na I, `Alt+←` huisogeza I taratibu hadi pengo lilingane na mengine. Monogramu huchorwa upya kwa mistari mitano iliyonyooka. Faili la SVG linalotoka hapo ndilo la kumpa mchapishaji wa lebo, mtengeneza mhuri na fundi wa bango, na ndilo la kulinganisha na nembo zilizokwisha kusajiliwa katika KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, kabla lebo ya kwanza haijachapishwa.